Usiku mmoja, vitanda vinne

Hadithi fupi nyingi kuhusu mwanafunzi aliye ughaibuni huharibika kwenye aya ya kwanza. Kijana amelala macho bwenini, analia, anamkumbuka mama, anatamani wali wa nazi. Msomaji ameshaambiwa yote, na kurasa zilizobaki zinakosa kazi. Nimezisoma hadithi za namna hii kwa miaka, na bado nazipenda, kwa hiyo nataka kuionyesha moja jinsi inavyoweza kusimama.

Tumchukue kijana wa kubuni, mwenyeji wa Pangani, tumweke mahali pa kweli: Moscow, Desemba 1964. Mwaka 1960 Umoja wa Kisovieti ulifungua huko Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Wageni kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walianza kwa kusomeshwa Kirusi kabla ya kuingia kwenye udaktari au uhandisi. Kijana wetu yumo katika miezi hiyo ya lugha. Mchana kutwa ulimi unamgomea; usiku ndipo Kiswahili kinapomrudia, na hapo hana wa kuzungumza naye.

Chumba kina vitanda vinne. Nyufa za dirisha zimezibwa kwa pamba na vipande vya karatasi, kama wenyeji wafanyavyo kila mwaka, lakini kitanda chake ndicho kilicho karibu na kioo. Nje ya dirisha umening'inia mfuko wa wavu wenye siagi na chupa ya maziwa, kwa sababu baridi ndiyo friji yao. Mmoja anakoroma. Mwingine anazungumza usingizini kwa lugha ambayo kijana haijui. Mwandishi akivitazama vitu hivi vya kutosha, neno "upweke" halina haja ya kuandikwa.

Baridi nayo ina namna yake ya kumnyima mtu usingizi. Tukikaribia kulala, mwili huanza kupoa ndani kwa kutoa joto kupitia mikono na miguu. Nyayo zikiwa baridi, mishipa ya damu hujibana, joto halitoki, na usingizi huchelewa hata kama mtu amechoka hoi. Kwa hiyo mwandishi aanzie miguuni. Kijana amevaa soksi mbili, amekunja magoti, na blanketi akilivuta kufunika mabega, nyayo zinabaki wazi. Usumbufu huo mdogo unatosha kumweka macho, na mtu aliye macho saa nane za usiku hana pa kuikimbizia fikra yake.

Sasa saa. Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana hazina ambayo wengine hawana. Moscow na Pangani ni mbali mno, lakini majira yake ya baridi saa za miji hiyo miwili zilikuwa sawa kabisa. Kijana akitazama saa yake ya mkono gizani, anajua nyumbani nako ni saa nane hiyo hiyo: kaskazi imeanza kuvuma, maembe yanadondoka uani, mama amelala. Hahitaji kujumlisha wala kutoa. Ukaribu huo ndio unaomuumiza.

Lakini jua linaikanusha saa hiyo. Sisi huhesabu saa kwa kufuata macheo na machweo: saa moja ya asubuhi, jua limetoka, saa moja ya usiku, limezama. Moscow mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama karibu saa kumi alasiri. Kijana aliyelelewa akijua kwamba magharibi huingia baada ya saa kumi na mbili, anatoka darasani saa kumi na moja na kukuta usiku umeshatanda. Maneno ya saa yanabaki mdomoni, yamekatika na jua lake. Akilala macho, anakuwa anaingoja asubuhi ambayo, kwa hesabu ya kwao, itachelewa karibu saa tatu. Ningelipa jambo hili ukurasa mzima, kwa utulivu.

Mwisho ndio mgumu. Barua ikifika ghafla, hadithi inaokolewa kwa nguvu. Kijana akifungasha mizigo, inakimbiwa. Mimi ningebaki chumbani. Saa tisa, yule anayezungumza usingizini anaamka kwenda msalani. Akirudi anasimama kidogo karibu na dirisha, anaitazama miguu iliyochomoza nje ya blanketi. Anachukua koti lake zito kwenye msumari, analitandaza juu ya nyayo za kijana, anarudi kitandani bila kusema neno. Kijana amefumba macho, anajifanya amelala. Taratibu vidole vya miguu vinaanza kupata joto.