Video 48, amri moja

Tuseme mwalimu wa hisabati amekuwa akirekodi masomo yake kwa simu kwa miaka mitatu, na sasa ana video 48 kwenye diski, kila moja ya dakika kama 20. Amepata nembo. Anataka kila somo lifunguliwe na klipu ileile ya sekunde 8 yenye jina lake, lifungwe na klipu ya sekunde 10 inayoelekeza somo linalofuata, na nembo ikae pembeni mwa picha muda wote anapofundisha. Wengi wakipewa kazi hii hufungua programu ya kuhariri kama CapCut au Premiere, huingiza klipu tatu, huweka nembo, husubiri kurenda kuishe, kisha huanza tena na video ya pili. Wakifika ya kumi wamechoka, na ukiangalia vizuri utakuta nembo imeshahama: huku iko juu kidogo, kule imekuwa kubwa zaidi.

Kazi ambayo kila hatua yake inajulikana tangu mwanzo haihitaji mkono wa mtu. Ipo programu ya bure iitwayo FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Haina vitufe wala picha za kubofya. Unaiandikia amri, nayo inafanya. Ni kwa sababu hiyohiyo kwamba inaweza kuambiwa jambo mara moja na kulirudia mara 48 bila kukosea hata pikseli moja.

Kabla ya amri yenyewe kuna jambo moja la kuelewa, maana ndilo linaloamua njia ya kufuata. Kuunganisha klipu mbele na nyuma ya video ni kama kushona pindo kwenye kitambaa: katikati hapaguswi. Ikiwa faili zote zimetengenezwa kwa mtindo mmoja kabisa, FFmpeg inaweza kuziunganisha kwa kunakili tu, na somo la dakika 20 likawa tayari kwa sekunde chache. Nembo ni jambo lingine. Ili ionekane juu ya picha, kila fremu lazima ifunguliwe, ipakwe nembo, kisha ikandamizwe upya. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, dakika 20 ni fremu 36,000. Hakuna mbinu ya kukwepa gharama hiyo.

Kwa hiyo, ukishaamua kuweka nembo, umeshaamua kurenda upya, na lililobaki ni kuhakikisha unarenda mara moja tu. Nimewaona watu wakiweka nembo kwanza kwenye video zote, kisha wakaziunganisha na klipu ya mwanzo kwa kurenda tena, halafu ya mwisho kwa kurenda mara ya tatu. Wanapoteza muda, na kila mkandamizo unakula sehemu ya ubora wa picha. Maandishi ya chaki ubaoni ndiyo huanza kufifia. Yote matatu yafanyike kwa pamoja, kutoka kwenye faili asilia la simu, si nakala iliyopitia WhatsApp na kubanwa huko.

Maandalizi ni machache lakini hayarukwi. Klipu ya mwanzo na ya mwisho zitengenezwe kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080 na fremu 30 kwa sekunde. Nembo iwe faili la PNG lenye mandhari angavu, na ipunguzwe hadi ukubwa wake wa mwisho kabisa. Kwa picha ya upana wa pikseli 1920, nembo ya upana wa 180 hivi inatosha. Ikizidi hapo inaanza kugombana na hesabu zilizo ubaoni. Kama unataka ionekane kwa mbali tu, ipunguzie ukolezo hukohuko kwenye programu ya picha. Mziki wa klipu ya mwanzo nao ushushwe mapema. Sauti ya mwalimu iliyorekodiwa kwa simu darasani huwa ya chini, na mtazamaji aliyevaa visikilizi hapaswi kupigwa na ngoma kisha akalazimika kuongeza sauti amsikie mwalimu. Ni afadhali kuirekebisha klipu moja kuliko masomo 48.

Kuna mtego kwenye sauti. Klipu ya mwanzo ikiwa na picha pekee, bila njia ya sauti ndani ya faili, FFmpeg itagoma na kuandika kwamba `matches no streams`. Ukimya si sawa na kutokuwa na sauti: programu inahitaji njia ya sauti iwepo, hata kama haina kitu. Amri hii inaiwekea faili njia ya sauti tupu:

```
ffmpeg -i mwanzo_bubu.mp4 -f lavfi -i anullsrc=r=48000:cl=stereo -shortest -c:v copy -c:a aac mwanzo.mp4
```

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows, tengeneza folda moja na uweke ndani yake `ffmpeg.exe`, klipu mbili na nembo. Ndani ya folda hiyo weka folda mbili nyingine: `asili`, yenye masomo, na `tayari`, iliyo tupu. Kisha andika haya kwenye Notepad na uyahifadhi kwa jina la `kazi.bat`:

```
set "P=[1:v]scale=1920:1080:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1920:1080:-1:-1,setsar=1,fps=30[p]"
set "N=[p][3:v]overlay=W-w-40:40[n]"
set "U=[0:v][0:a][n][1:a][2:v][2:a]concat=n=3:v=1:a=1[v][a]"
for %%f in (asili\*.mp4) do ffmpeg -n -i mwanzo.mp4 -i "%%f" -i mwisho.mp4 -i nembo.png -filter_complex "%P%;%N%;%U%" -map "[v]" -map "[a]" -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac "tayari\%%~nf.mp4"
```

Yanatisha kwa macho, lakini mpangilio wake ni rahisi ukijua kwamba FFmpeg huhesabu kuanzia sufuri: klipu ya mwanzo ni 0, somo ni 1, klipu ya mwisho ni 2, nembo ni 3. Mstari wa P unalisawazisha somo. Baadhi ya masomo ya mwalimu wetu yalirekodiwa kwa simu ya zamani kwa 1280 kwa 720, na klipu za ukubwa tofauti haziunganiki. Usipoweka mstari huu utaona ujumbe kwamba vipimo `do not match`. Sehemu ya `fps=30` nayo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka kulingana na mwanga, na hapo fremu zinawekwa kwenye mwendo mmoja.

Mstari wa N unaiweka nembo pikseli 40 kutoka ukingo wa kulia na 40 kutoka juu. Ukitaka ikae chini, badala ya 40 ya mwisho andika `H-h-40`. Mstari wa U unaunganisha vipande vitatu kwa mfuatano. Mimi naupendelea muungano wa aina hii, kwani kipande ambacho sauti yake imeisha kabla ya picha hujaziwa ukimya, na hivyo maneno hayawahi midomo. Nambari ya `-crf 20` ndiyo ubora: ikishuka, picha huwa safi zaidi na faili huwa kubwa. Usipoiandika, programu hutumia 23.

Usibofye faili hilo na kwenda kulala bado. Kwanza fanya jaribio fupi: ongeza `-t 20` mara tu kabla ya `-i "%%f"`, na ubadilishe `tayari` kuwa `jaribio`, baada ya kutengeneza folda ya jina hilo. Sasa kila somo litachukuliwa sekunde 20 za mwanzo tu, likiwa na klipu zake mbili. Matokeo yote 48 ni kama nusu saa ya video, na kompyuta ya kawaida huyamaliza wakati unapata chai. Fungua folda ya matokeo uyapange kwa ukubwa. Somo lenye kasoro, labda lililorekodiwa bila sauti, litakuwa na faili la ukubwa wa sufuri au halitakuwepo kabisa. Mengine hayazuiwi nalo. Yale yaliyotoka, yatazame moja moja kwa macho.

Hapo ndipo utakapogundua masomo yaliyorekodiwa simu ikiwa imesimama wima. Yamekaa katikati kama ukanda mwembamba wa pikseli 608 hivi, yana weusi pande zote mbili, na nembo imetua kwenye weusi badala ya kwenye picha. Yeyote anayetaka kuiba video hiyo anakata weusi na nembo inaondoka nao. Masomo ya wima yatoe, uyape folda yake na klipu za mwanzo na mwisho za 1080 kwa 1920, na kwenye mstari wa P ugeuze vipimo hivyo mahali vilipo, mara mbili. Kuyalazimisha yaingie kwenye kundi moja na mengine hakumsaidii mtazamaji.

Jaribio pia linakwambia muda. FFmpeg inapofanya kazi huonyesha neno `speed=`. Ikiandika 2x, maana yake dakika 20 zinamalizika kwa dakika 10. Masomo 48 ya dakika 20 ni saa 16 za video, kwa hiyo kwa kasi hiyo ni saa 8: unaanza jioni, asubuhi yako tayari. Kompyuta yenye kadi ya Nvidia inaweza kwenda kasi zaidi ukibadilisha `libx264` na mipangilio yake, ila kwa ubora uleule faili huwa kubwa zaidi, na kwa anayepakia video kwa kulipia bando hilo si dogo.

Umeme ukikatika usiku, anzisha upya faili lilelile. Alama ya `-n` inaiamuru FFmpeg isiguse kilichokwisha kuwepo, basi itaruka yaliyokamilika na kuendelea mbele. Kabla ya hapo lifute faili la mwisho lililokuwa likiandikwa, maana litakuwa limebaki nusu. Utalitambua kwa tarehe yake, na ukijaribu kulichunguza kwa FFmpeg itasema `moov atom not found`. Usipolifuta, litahesabiwa kuwa limekamilika, na mwanafunzi ndiye atakayegundua kwamba halifunguki.

Masomo ambayo tayari yako YouTube yanahitaji uamuzi tofauti. YouTube hairuhusu kubadilisha faili la video iliyokwisha kupakiwa ukabaki na kiungo kilekile. Ukipakia toleo lenye nembo ni video mpya, na watazamaji pamoja na maoni vinabaki kwenye ile ya zamani. Kwa hizo, mwalimu atumie YouTube Studio: sehemu ya `Video watermark` huweka picha ya pikseli 150 kwa 150 kwenye kona ya chini kulia ya video zote za chaneli kwa mara moja, na `End screen` huchukua sekunde 5 hadi 20 za mwisho. Nembo ya namna hiyo haimo ndani ya picha, hivyo anayeipakua video anaipata bila nembo. Video ambazo bado ziko kwenye diski ndizo zinazostahili saa 8 za usiku huo.