Athari na Uwezekano wa Athari: Kutafsiri Aya ya Maoni na Barua ya Ukaguzi kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Aya ya maoni katika ripoti ya ukaguzi wa hesabu ni fupi. Mara nyingi haizidi sentensi mbili. Sentensi hizo hazitungwi na mkaguzi kwa kadiri apendavyo. Zinafuata maneno yaliyowekwa na Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi: Kiwango Na. 700 kinaongoza ripoti yenye maoni yasiyo na kasoro, na Kiwango Na. 705 kinaongoza maoni yaliyorekebishwa. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vilivyoishia tarehe 15 Desemba 2016 au baada ya hapo, aya hiyo inatangulia sehemu nyingine zote za ripoti. Kwa hiyo ndiyo inayosomwa kwanza, na katika mikutano ya wanachama na vikao vya madiwani huenda ndiyo pekee inayosomwa.

Makala haya yanajadili neno moja katika aya hiyo, yaani neno linalotenganisha athari zilizothibitika na athari zinazoweza kuwapo, kisha yanaonesha jinsi tofauti hiyo inavyopotea au kuhifadhika katika barua ya ukaguzi inayoandamana na ripoti. Mfano unaotumika umeundwa na mwandishi kwa ajili ya uchambuzi. Hauhusu chama chochote kilichopo, ila makosa ya tafsiri yaliyomo ni ya aina ambayo mhariri wa matini za kifedha hukutana nayo mara kwa mara.

2.0 Majina ya maoni na mzigo wake

Viwango vinatambua aina tatu za maoni yaliyorekebishwa. Uchaguzi kati yake unategemea maswali mawili. Kwanza, je, mkaguzi amepata ushahidi kwamba taarifa zina kasoro, au ameshindwa kupata ushahidi wa kumwezesha kuamua? Pili, je, jambo hilo lina uzito tu, au lina uzito na pia limeenea katika taarifa nzima? Likiwa na uzito bila kuenea, maoni huwa ya aina moja katika hali zote mbili, nayo kwa Kiswahili cha ukaguzi wa serikali nchini Tanzania huitwa hati yenye shaka. Likienea, njia zinaachana: kasoro iliyothibitika huzaa maoni yasiyoridhisha, na ukosefu wa ushahidi humfanya mkaguzi asitoe maoni kabisa.

Jina “yenye shaka” lina tatizo lake. Mkaguzi aliyegundua kwamba bidhaa ghalani zimethaminiwa kupita kiasi hana shaka yoyote. Ana hakika ya kasoro na anaitaja kwa tarakimu. Shaka inamfaa yule aliyekosa ushahidi. Hata hivyo mwandishi hapendekezi jina hilo liachwe, kwa kuwa limekwisha kukita mizizi miongoni mwa wasomaji, na istilahi inayojulikana ina thamani kuliko istilahi nadhifu isiyojulikana. Kinachofuata ni kwamba jina haliwezi kubeba tofauti hiyo, hivyo aya yenyewe lazima iibebe.

Majina ya mitaani yana madhara zaidi. “Hati safi” hugeuza maoni kuwa cheti cha usafi wa watu, ilhali mkaguzi amesema kuhusu taarifa za fedha tu. “Hati chafu” nayo huchanganya katika kapu moja mkaguzi aliyesema kwamba taarifa si sahihi na mkaguzi aliyesema kwamba hawezi kusema lolote. Mtafsiri wa ripoti rasmi hana budi kuyakwepa yote mawili, hata pale mteja anapoyapendelea kwa kuwa yanaeleweka haraka.

3.0 Mfano: majalada ya mikopo

Tuchukue chama cha akiba na mikopo ambacho taarifa zake zinaonesha mikopo ya wanachama yenye thamani ya shilingi milioni 410. Mkaguzi anapochagua mikopo ya kupima, anakuta kwamba mikopo yenye jumla ya shilingi milioni 84 haina majalada: hakuna fomu za maombi, mikataba wala orodha za wadhamini. Anajaribu njia mbadala. Anawaandikia wakopaji kuomba uthibitisho wa salio, na anatafuta marejesho yaliyofanywa baada ya mwaka kufungwa. Majibu ni machache, marejesho ni haba. Kiasi hicho kina uzito, lakini kimebaki ndani ya fungu moja la taarifa. Anatoa maoni yenye shaka kwa sababu ya ukosefu wa ushahidi.

Rasimu ya tafsiri ilisomeka hivi:

“Kwa maoni yetu, isipokuwa kwa athari za jambo lililoelezwa katika Msingi wa Maoni Yenye Shaka, taarifa za fedha zinaonesha kwa usahihi hali ya kifedha ya Chama.”

Sentensi inapita vizuri masikioni, na ina makosa matatu. Kubwa zaidi ni “athari za jambo”. Kiwango Na. 705 kinatumia maneno hayo pale tu ambapo kasoro imethibitika. Ushahidi unapokosekana, mkaguzi hutakiwa kusema kwamba athari hizo zinawezekana. Mwanachama anayesoma rasimu hii ataelewa kwamba milioni 84 zimekwisha kuathiri hesabu, na kutoka hapo hadi “zimeliwa” ni hatua moja. Mkaguzi hakusema hivyo. Inawezekana majalada yakapatikana kesho katika kabati la ofisi ya zamani na mikopo yote ikawa halali.

Kosa la pili ni “kwa usahihi” bila mpaka wowote. Mkaguzi husema kwamba taarifa zinaonesha hali ipasavyo katika mambo yote yenye uzito. Kifungu hicho cha mwisho kimeachwa, pengine kwa kuwa mtafsiri alikiona kama pambo. Si pambo. Mkaguzi hupanga mapema kiwango cha uzito, yaani kiasi ambacho kosa likikifikia linaweza kutarajiwa kubadilisha uamuzi wa mtumiaji wa taarifa, na chini ya hapo hadai kwamba kila shilingi iko mahali pake. Neno “usahihi” pekee linamdai kile ambacho hakukitoa. Baadhi ya watafsiri huandika “mambo yote muhimu”. Neno hilo linakubalika, ila “uzito” linafaa zaidi kwa kuwa linaruhusu kusema “kiwango cha uzito”, na kiwango ndicho kiini cha dhana yenyewe.

Kosa la tatu ni la sarufi. “Isipokuwa kwa” ni muundo ulioazimwa, na hauoneshi kinachotolewa ni nini. Wengine huandika “mbali na”, jambo linalozidisha utata, kwani “mbali na” huweza kumaanisha “kando ya kuondoa” na pia “zaidi ya”. Sentensi iliyorekebishwa ni hii:

“Kwa maoni yetu, isipokuwa kuhusu athari ambazo huenda zikawapo kutokana na jambo lililoelezwa katika sehemu ya Msingi wa Maoni Yenye Shaka, taarifa za fedha zilizoambatishwa zinaonesha ipasavyo, katika mambo yote yenye uzito, hali ya kifedha ya Chama ilivyokuwa tarehe 31 Desemba.”

Ni ndefu, na haina mvuto wa ile ya kwanza. Lakini “huenda” ndilo neno linalomlinda mweka hazina asihukumiwe kabla ya uchunguzi, na pia linamlinda mkaguzi asishtakiwe kwa alichokuwa hajakisema.

4.0 Aya ya msingi: hatukupata au hatukupatiwa

Aya inayofuata maoni hueleza sababu. Hapa unyambulishaji wa Kiswahili humtegea mtafsiri mtego ambao lugha chanzi haina. Mkaguzi ameandika kwamba hakuweza kupata ushahidi wa kutosha na unaofaa. Rasimu ikasema, “Hatukupatiwa ushahidi.” Mnyambuliko huo unaashiria mtu aliyepaswa kutoa na hakutoa. Katika baraza la wanachama, swali linalofuata ni “nani alikataa?” Ikiwa mkaguzi amesema waziwazi kwamba menejimenti ilimnyima nyaraka, “hatukupatiwa” ni sahihi na pengine ni laini mno. Ikiwa hakusema, “hatukuweza kupata” ndiyo inayolingana na kauli yake. Nayo “hakuna ushahidi” ni kauli tofauti kabisa: inahusu ulimwengu, si kazi ya mkaguzi.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika kwa neno “upotoshaji”, ambalo hutumiwa sana kwa kasoro katika taarifa za fedha. Msemaji wa Kiswahili husikia kusudi ndani ya neno hilo. Hakuna anayepotosha kwa bahati mbaya. Viwango vinasema kasoro hizo zinaweza kutokana na udanganyifu au na kukosea tu. “Kasoro ya taarifa” huacha suala la nia wazi hadi mkaguzi mwenyewe alifunge.

5.0 Barua ya ukaguzi

Barua ya ukaguzi haina fomula iliyobanwa kama aya ya maoni, na ndiyo sababu watafsiri hujiona huru zaidi ndani yake. Uhuru huo una mipaka. Kiwango Na. 265 kinamtaka mkaguzi aeleze kwa maandishi udhaifu mkubwa wa udhibiti wa ndani kwa wenye dhamana ya kusimamia taasisi, na aeleze athari zinazoweza kutokea. Anatakiwa pia kufafanua kwamba aliuchunguza udhibiti wa ndani ili kupanga taratibu za ukaguzi, si kutoa maoni kuhusu ufanisi wa udhibiti huo. Aya hiyo ya ufafanuzi hufupishwa au kuachwa katika tafsiri nyingi kwa kisingizio kwamba ni ya kawaida. Ikiachwa, msomaji atachukulia kwamba eneo lisilotajwa katika barua limekaguliwa na kuonekana zima.

Neno “uongozi” nalo halitoshi hapa. Linafunika bodi iliyochaguliwa na meneja aliyeajiriwa, ilhali barua huwatenganisha: bodi inasimamia, menejimenti inatekeleza na kujibu. Katika mfano wetu, pendekezo la kuweka rejesta ya majalada linaielekea menejimenti, na pendekezo la kuipitia rejesta hiyo kila robo mwaka linaielekea bodi. Yote mawili yakitafsiriwa “uongozi uhakikishe”, hakuna atakayejua zamu yake.

Kila jambo katika barua hupewa jina la “hoja” nchini Tanzania, na hoja “hufungwa” mkaguzi anaporidhika na utekelezaji. Msomaji aliyezoea mijadala ya Bunge, awe Nairobi au Dodoma, anaweza kuielewa hoja kama pendekezo linalowekwa mbele ya wajumbe. Katika matini ya kikanda inafaa kuandika “hoja ya ukaguzi” kwa ukamilifu pale neno linapotokea mara ya kwanza.

Hatimaye kuna majibu ya menejimenti, ambayo huchapwa chini ya kila hoja. Haya si maneno ya mkaguzi, na mtafsiri hana ruhusa ya kuyanyoosha. Menejimenti ya chama chetu ilijibu kwamba majalada yalihamishwa ofisi ilipohama na kwamba yatatafutwa kabla ya tarehe 30 Juni. Rasimu ikaandika, “Hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi.” Kwa kufanya hivyo ilifuta maelezo pekee yanayoonesha kwa nini mkaguzi alisema “huenda”, pamoja na tarehe ambayo mkaguzi wa mwaka unaofuata angeitumia kuuliza majalada yako wapi.