Herufi ya Risasi Kwenye Eksirei

Kwenye pembe ya picha ya eksirei huonekana herufi R au L. Ni kipande cha risasi ambacho mpigaji huweka kabla ya kupiga; risasi huzuia mionzi, hivyo herufi hutoka nyeupe. R ni kulia kwa mgonjwa, si kwa mtazamaji. Herufi inayoongezwa baadaye kwa kompyuta ni dhaifu zaidi, maana hutegemea kumbukumbu tu.

Tuseme hewa imevuja kifuani upande wa kushoto, na picha ikageuzwa kwenye kompyuta. Moyo utaonekana umeelekea kulia, jambo ambalo watu wachache huzaliwa nalo kweli, na mrija wa kutoa hewa unaweza kuingizwa upande mzima. Herufi ya risasi hufichua kosa: nayo itasomeka kinyumenyume.

Jina nalo lina mtego wake. Akiulizwa “Wewe ni Juma Ali?”, mgonjwa mwenye homa huitikia tu. Hivyo huombwa ataje mwenyewe majina yake na tarehe ya kuzaliwa, yalinganishwe na fomu.

Kosa likigunduliwa, picha haifutwi kimyakimya. Daktari aliyeiagiza hupigiwa simu mara moja, picha huhamishiwa faili sahihi, ripoti husahihishwa na tukio huandikwa. Aliyepigwa picha isiyo yake huelezwa kwamba amepata mionzi bila sababu.