Kugawa Kamisheni ya Mauzo ya Nyumba: Asilimia ya Nini?

Katika maswali ya asilimia na uwiano, mtahiniwa anaweza kujua kuzidisha vizuri na bado akakosa alama kwa sababu hakujiuliza asilimia aliyopewa ni ya kiasi gani. Kamisheni inayogawanywa kwa watu watatu inaonyesha jambo hili waziwazi.

Nyumba inapouzwa kupitia dalali, mwenye nyumba hulipa kamisheni, yaani asilimia fulani ya bei ya mauzo. Kama dalali anafanya kazi chini ya ofisi, kamisheni hiyo si yake peke yake. Ofisi inachukua fungu lake, kwa kuwa ndiyo inayolipia matangazo na pango. Na kama mnunuzi aliletwa na dalali mwingine, huyo naye hupewa fungu la kumleta mteja.

Mfano

Nyumba imeuzwa kwa sh. 80,000,000. Kamisheni ni 5% ya bei. Dalali aliyeuza na ofisi yake hugawana kwa uwiano wa 3:2. Dalali mwenzake aliyemleta mteja hupata 25%. Kila mmoja atapata kiasi gani?

Suluhisho

Kamisheni yote = 5/100 × 80,000,000 = sh. 4,000,000.

Hapa simama kwanza. Ile 25% ni ya nini? Haiwezi kuwa ya bei ya nyumba, kwa sababu ingekuwa sh. 20,000,000, mara tano ya kamisheni yenyewe. Zinabaki njia tatu, na maneno ya swali ndiyo yanayoamua ipi itumike.

*Njia ya 1: mleta mteja hulipwa kwanza, kutoka kamisheni yote.* Anapata 25/100 × 4,000,000 = sh. 1,000,000. Zinabaki sh. 3,000,000 za kugawa kwa 3:2. Dalali anapata 3/5, yaani sh. 1,800,000, ofisi inapata 2/5, yaani sh. 1,200,000.

*Njia ya 2: dalali na ofisi hugawana kwanza, kisha dalali anatoa 25% ya fungu lake.* Dalali anapata sh. 2,400,000 na ofisi sh. 1,600,000. Mleta mteja anapata 25/100 × 2,400,000 = sh. 600,000. Dalali anabaki na sh. 1,800,000.

*Njia ya 3: dalali na ofisi hugawana kwanza, lakini dalali anatoa 25% ya kamisheni yote.* Anatoa sh. 1,000,000 katika sh. 2,400,000 zake na kubaki na sh. 1,400,000.

| | Dalali | Ofisi | Mleta mteja |
|---|---|---|---|
| Njia ya 1 | 1,800,000 | 1,200,000 | 1,000,000 |
| Njia ya 2 | 1,800,000 | 1,600,000 | 600,000 |
| Njia ya 3 | 1,400,000 | 1,600,000 | 1,000,000 |

Linganisha njia ya 1 na ya 2. Dalali anapata kiasi kilekile, kwa sababu 60% ya 75% ni sawa na 75% ya 60%. Zote ni 45%. Sh. 400,000 zinazobadilika zinahama kati ya ofisi na mleta mteja. Katika njia ya 3 dalali peke yake ndiye anayebeba gharama ya kumlipa mwenzake. Ndiyo maana makubaliano yanayosema "utapata 25%" bila kueleza ya nini huzaa ugomvi siku ya malipo: kila mmoja anaweza kuonyesha hesabu iliyo sahihi, na bado wasikubaliane.

Namna ya kuhakiki jibu

Jumlisha mafungu matatu. Lazima yafike sh. 4,000,000, kama kila mstari wa jedwali unavyofika. Mtahiniwa anayempa dalali 60%, ofisi 40% na mleta mteja 25%, zote za kamisheni yote, amegawa 125%, yaani sh. 5,000,000 ambazo hazipo. Lakini kumbuka kwamba jumla kuwa sahihi haithibitishi kwamba njia ni sahihi; njia zote tatu zina jumla sawa. Rudi kwenye swali utafute maneno kama "kutoka kamisheni yote", "kilichobaki" au "kutoka fungu lake".

Zoezi

Kwa viwango vilevile, ofisi imepata sh. 1,800,000 baada ya mleta mteja kulipwa kwanza kutoka kamisheni yote. Tafuta bei ya nyumba.

Jibu

Fungu la ofisi = 40% ya 75% = 30% ya kamisheni.
Kamisheni = 1,800,000 ÷ 0.30 = sh. 6,000,000.
Bei = 6,000,000 ÷ 0.05 = sh. 120,000,000.

Ukipata sh. 90,000,000, umechukua 40% ya kamisheni yote na kusahau kwamba mleta mteja alishalipwa.