Kufuli la Shiti za Ekseli

Mhazini wa chama cha akiba ana faili la Ekseli lenye shiti za Januari hadi Desemba, na nyingine iliyofichwa, Viwango, yenye riba za mikopo. Mtu akiifuta hiyo, hesabu zinazoitegemea zitaandika #REF!, na Ctrl+Z haitairudisha.

Kinga yake ni rahisi. Fungua Review, bonyeza Protect Workbook, acha alama kwenye Structure, weka nywila, kisha irudie. Sasa bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la shiti: Insert, Delete, Rename na Unhide zimefifia, hazibonyezeki. Nywila itunze vizuri, maana ukiisahau Microsoft haiwezi kukurudishia.

Lakini tarakimu zilizo ndani ya shiti bado zinabadilika. Hizo hulindwa na Protect Sheet. Tena, kuficha si kutunza siri. Anayelijua jina la shiti ataandika hivi kwenye seli yoyote iliyo wazi, na riba aione:

```
=Viwango!B2
```

Kwa siri za kweli, mishahara kwa mfano, tumia Encrypt with Password, iliyo chini ya File, Info, Protect Workbook. Hiyo hulifunga faili zima.