Swali Limetafsiriwa Sawa, Jibu Limegeuka

Kampuni za kimataifa huwapa wafanyakazi wao kozi za maadili ya kazi, nyingi zikiwa zimeandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kila somo huishia na maswali ya kuchagua jibu, na kompyuta ndiyo inayosahihisha. Mara nyingi mfasiri hupewa maneno peke yake. Jibu sahihi limewekwa ndani ya mfumo, tena limefungwa kwenye nafasi ya chaguo, si kwenye maana yake.

Tuseme Asha ni karani wa manunuzi. Siku ya Idi, mzabuni anampa bahasha yenye shilingi 20,000. Kanuni ya kampuni inataka fedha taslimu yoyote itolewe taarifa, hata ikiwa kidogo. Swali la Kiingereza linakuja kwa ukanushi: "Je, Asha halazimiki kutoa taarifa?" Kwa Mwingereza, "ndiyo" hapo ina maana kwamba Asha analazimika, kwa hiyo mfumo unaihesabu "Ndiyo" kuwa sahihi.

Kwetu mambo ni kinyume. Mtu akiulizwa "Hujala?" naye hajala, hujibu "Ndiyo, sijala." Anaikubali kauli yote pamoja na ukanushi wake. Basi mfanyakazi anayeijua kanuni atabonyeza "Hapana, analazimika" moyoni mwake, na kompyuta itamwambia amekosa. Anayedhani bahasha ndogo haina neno atabonyeza "Ndiyo" na kupewa alama. Wapo pia Waswahili waliozoea Kiingereza ambao watajibu kwa mtindo wa Kiingereza, na hapo swali halimpimi mtu yeyote.

Kinachonisikitisha ni kwamba ukaguzi uliozoeleka hauoni kosa hili. Tafsiri ikirudishwa kwa Kiingereza, swali linarudi vilevile na "Ndiyo" inarudi vilevile. Kila neno liko sawa, na mkaguzi anatia saini.

Kubadilishana nafasi za "Ndiyo" na "Hapana" si dawa salama. Maelezo yanayojitokeza baada ya kujibu yanaweza kuendelea kusema "Ndiyo, umepata," na programu za tafsiri hurudia "Ndiyo" ileile kila mahali ilipowahi kutafsiriwa. Ni afadhali kuliondoa tatizo kwenye swali lenyewe: "Je, Asha analazimika kutoa taarifa?" Au machaguo yawe kauli kamili: "Analazimika" na "Halazimiki". Mabadiliko haya yaidhinishwe na mwenye kozi, maana maneno ya kanuni yamepitiwa na wanasheria wake.

Kisha wapewe Waswahili wawili watatu ambao hawajaona Kiingereza chake. Wasome kanuni, wajibu maswali, na majibu yao yalinganishwe na yale ya mfumo. Swali linalowashinda watu walioielewa kanuni lirudishwe kwa mfasiri kwanza.

Wenye kozi, mpeni mfasiri majibu sahihi pamoja na maswali. Bila hayo hawezi kujua kama ameyageuza.