Kumwarifu Meneja kwa Maandishi Kuhusu Hatari Kazini

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mfanyakazi aonaye hali ya hatari amwarifu mwajiri au mwakilishi wa usalama mapema iwezekanavyo. Hatari ikiwa ya papo hapo, sema kwanza kwa mdomo. Kisha andika, kwa kuwa neno la mdomo huweza kusahaulika au kukanwa.

Tuchukue mfano wa kinu cha nafaka ambako kinga ya mkanda wa mashine imeondolewa. Kuandika "mashine ni mbovu" hakumwonyeshi meneja la kufanya. Tunashauri maneno kama haya:

"Tangu jana asubuhi, mkanda wa mashine namba 2 hauna kinga. Wabeba magunia hupita hatua moja kutoka hapo, na nguo au mkono unaweza kunaswa. Naomba mashine izimwe hadi kinga irudishwe, na nijibiwe kwa maandishi kabla ya zamu ya kesho."

Barua hii haimtaji aliyeondoa kinga. Ingemtaja, mjadala ungehamia kwa mtu huyo, na mkanda ungeendelea kuzunguka wazi.

Andaa nakala mbili, nawe ubaki na moja iliyotiwa saini na tarehe na mpokeaji. Siku uliyoomba ikipita bila hatua kuchukuliwa, tuletee nakala hiyo. Itatuonyesha hatari iko wapi na tangu lini mwajiri ameijua.